*TAARIFA YA TAWI: BOMA LA ZAHANATI LISILO NA MWAKA WA PILI*

Ndugu wanachama na wananchi wa Mhunze,

Kila bajeti inaposomwa mwezi Juni tunasikia swali lile lile: "Mbona boma letu halimo?" Jibu ni kwamba mwezi huo tumeshachelewa. Bajeti ya halmashauri ni mwaka wa kwanza tu wa mpango wa matumizi wa muda wa kati, ule ambao kwenye jalada la kitabu huandikwa MTEF, nao ni wa miaka mitatu.

Unaendaje? Kwanza Hazina hutoa mwongozo na ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haiwezi kukipita. Kisha kila idara hushusha malengo ya mpango mkakati wake na maombi ya vijiji na kata ndani ya ukomo huo. Baraza la Madiwani hupitisha, Bunge huidhinisha, na utekelezaji huanza Julai 1.

Tuchukue mfano wa hesabu. Idara ya afya imepewa ukomo wa sh. milioni 90 za maendeleo, na kuezeka na kumalizia boma la zahanati ni sh. milioni 60. Linaingia mwaka wa kwanza. Lakini vitanda na vifaa vya sh. milioni 25 lazima viandikwe mwaka wa pili, na mganga na muuguzi waombwe mapema kwenye ikama, kwa sababu mishahara yao ina ukomo wake tofauti. Visipoandikwa, tutapata jengo zuri lenye kufuli.

Tukubali pia kwamba ukomo wa mwaka wa pili na wa tatu ni makadirio, si ahadi. Wilaya yetu ya Kishapu inategemea ushuru wa pamba, na pamba ikikosa mvua au bei, makusanyo hushuka na miradi ya mapato ya ndani husogezwa mbele. Hilo linaeleweka. Tusilolikubali ni mradi kutoweka bila maelezo.

Namna ya kugundua ni rahisi. Chukua kitabu cha mwaka jana, soma safu ya mwaka wa pili. Kisha chukua rasimu ya mwaka huu, soma safu ya mwaka wa kwanza. Mradi uliokuwa kule na huku haupo, uliza: fedha zimepungua, au nafasi yake imechukuliwa na mradi gani?

Msimamo wa tawi letu ni huu: swali hilo liulizwe kwenye mkutano wa kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata, rasimu ikiwa bado haijafika Baraza la Madiwani. Tunamwomba diwani wetu aje na vitabu vyote viwili.

*Katibu wa Tawi, Mhunze*