Kusimulia Upya Si Kukariri

Ipo desturi ya kumpima mwanafunzi anayesimulia ngano upya kwa idadi ya maneno ya mwalimu aliyoyashika. Kipimo hicho kina dosari, hasa mahali kama Bombolulu, upande wa Kisauni, ambako dawati moja huweza kuketisha mtoto wa Kimvita, wa Kigiriama na wa Kikamba. Fanani wa jadi hakufungwa na maneno. Alifungwa na mfuatano wa visa. Somo la ngano halina budi kupangwa juu ya mfuatano huo.

Chukua ngano ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizozikusanya Unguja. Kabla ya kipindi, mwalimu aigawe katika viungo sita: kima amrushia papa makuyu, papa amwalika kwao, wakiwa baharini, papa afichua kwamba dawa ya sultani mgonjwa ni moyo wa kima, kima adai ameuacha moyo wake mtini, papa arudi pwani, kima apanda mtini na kukataa kushuka. Kila kiungo kimezaliwa na kilichotangulia.

Katika kipindi cha dakika 35, mwalimu aanze kwa "Paukwa!", ajibiwe "Pakawa!", kisha asimulie bila kitabu kwa dakika saba. Dakika tatu aulize maswali ya "kwa nini" pekee. Dakika kumi na tano zinazofuata, wanafunzi wakae makundi ya watu sita, kila mmoja asimulie kiungo kimoja. Msimulizi akimaliza, ndiye amteuaye wa kumpokea. Kwa kuwa hakuna ajuaye zamu yake, wote hulazimika kusikiliza. Wakijua zamu mapema, kila mmoja hushughulikia kipande chake na kuyaziba masikio kwa vingine. Dakika kumi za mwisho, kundi moja lisimulie mbele ya darasa.

Kosa la kawaida ni mfululizo wa "halafu". Tuseme mwanafunzi anamfanya kima aseme moyo wake uko mtini kabla papa hajafichua siri. Mwalimu asimsahihishe, amuulize, "Kwa nini kima alisema hivyo?" Akirudi nyuma na kumtaja sultani mgonjwa, ameuelewa mfuatano, ulimi tu ndio uliotangulia. Akikosa jibu, alishika matukio bila sababu zake. Lakini aliyesema "tunda" badala ya "kuyu" hajakosea lolote katika somo hili.

Mbinu hii ina mpaka wake. Katika darasa la wanafunzi 48 yapo makundi manane, na mwalimu hawezi kuyasikiliza yote kwa dakika kumi na tano. Tena, aliyepewa kiungo cha kwanza hakudhihirisha usikivu, kwa kuwa hakumpokea mtu. Kwa hiyo alama zisitolewe kwa kipindi kimoja; mwalimu asikilize makundi mawili kila juma kwa ngano mpya, na aliyeanza leo apokee kesho. Baada ya majuma manne atakuwa amelisikia kila kundi, na atajua nani asikilizaye na nani akaririye.