Pimeni takataka zikiwa mbichi

Mwandishi anayetaka takataka za Kolwezi ziwe kuni za matanuri ya chokaa ametaja joto la megajuli 16 kwa kilo. Sibishani na tarakimu hiyo. Ila kalorimita hupima unga mkavu, na jalala la Manika mwezi wa Januari si unga mkavu.

Tuchukue kilo 10 mbichi, tuzikaushe kwa nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena. Zikibaki kilo 4, unyevu ni asilimia 60. Megajuli 16 mara 0.4 ni 6.4, toa karibu 1.5 zinazopotea kugeuza maji kuwa mvuke. Zinabaki 4.9. Benki ya Dunia ilishauri wastani usiopungua 7 kwa mtambo wa kuchoma taka.

Atasema tutakausha. Kwa nishati ya nani? Kila tani mbichi itatoa nusu tani ya maji ili unyevu ushuke hadi asilimia 20, na kikaushio cha moto kitakula zaidi ya robo ya joto la mafuta tunayoyapata. Jua la Julai ni bure, lakini mvua za Novemba hadi Aprili hazisubiri.

Na sampuli ilichukuliwaje? Gunia la plastiki na makaratasi yaliyochaguliwa hudanganya. Changanya lundo zima, ligawe mafungu manne, bakiza mawili yanayokabiliana, rudia, kisha funga sampuli isipoteze maji njiani. Pima na majivu, maana mchanga wa kufagia uani hauwaki.

Alete vipimo vya masika na vya kiangazi. Kabla ya hapo, mtambo usinunuliwe.