Cheti cha ofisa wa meli: Kikwazo ni meli, si karatasi ya mtihani

Kijana kamaliza chuo cha ubaharia Dar es Salaam au Mombasa na maswali ya kuandika kafaulu, lakini bado si ofisa wa meli. Kinachomkwamisha ni muda wa baharini.

Mkataba wa kimataifa wa STCW unataka ofisa wa zamu kwenye meli za tani 500 na zaidi awe amekaa baharini miezi 12, ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa. Nje ya utaratibu huo ni miezi 36. Miezi 6 kati yake lazima ashike zamu kwenye chumba cha kuongozea meli, chini ya usimamizi.

Mtihani wa mdomo ndipo muda huo unapojionyesha. Mtahini anauliza: usiku, kulia kwako kuna taa nyekundu ya meli inayokatiza, na haibadilishi uelekeo. Utafanyaje? Aliyeshika zamu hababaiki: ni yeye wa kupisha, na asikatize mbele yake.

Hata cheti kikipatikana, kinadumu miaka 5 tu. Aliyekipata Januari 2021, akafanya kazi miezi 7 kisha akakaa nchi kavu, Januari 2026 anapungukiwa miezi 5. Ili akihuishe, awe na miezi 3 melini ndani ya miezi 6 ya mwisho, la sivyo apite mafunzo au mtihani ulioidhinishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mzazi aulize chuo: nani atampatia mwanangu meli?