Ukurasa wa Facebook mbele, tovuti ya malipo nyuma: kagua vyote viwili kabla ya kutoa pesa

Shaaban ilikuwa imefika katikati pale dada yangu wa Kisauni aliponitumia linki usiku wa saa tano. Yeye huuza barafu na juisi ya ukwaju, na kila Ramadhani biashara yake hukwama kwa sababu friji lake dogo haliwezi kazi. Mwaka huu zamu ya chama ilikuwa imemwangukia, pesa ziko kwenye simu, na Facebook ilikuwa imemwonyesha friza ya lita mia mbili kwa shilingi 17,500. "Kaka, ofa yafungwa saa sita. Nilipe?"

Ukurasa ulikuwa na jina la duka moja la vifaa vya umeme ambalo kila mtu wa Mombasa analijua. Nembo ni ile ile, wafuasi ni zaidi ya 30,000. Chini ya picha palikuwa na kitufe cha kununua, na ukikibonyeza wapelekwa kwenye tovuti ya nje kulipia. Nilimwambia anipe nusu saa.

Kupelekwa nje peke yake si dalili ya wizi. Hapa kwetu Facebook na Instagram ni kama kabati la kioo: bidhaa yaonekana, lakini malipo hufanyika kwingine, iwe kwa WhatsApp, kwa nambari ya Till au kwa tovuti ya duka lenyewe. Wauzaji waaminifu hufanya hivyo kila siku. Matata ni kwamba ukurasa ni kitu kimoja na tovuti ni kitu kingine, na hakuna anayekuhakikishia kwamba vyote viwili ni vya mtu mmoja. Ukurasa wenye wafuasi wengi ni mali ya thamani, huchukua miaka kuujenga, kwa hivyo tapeli huununua au huuiba. Tovuti huundwa kwa siku moja na kutupwa siku ambayo malalamiko yamezidi. Ukiwauliza waliotapeliwa, wengi watakwambia walikagua. Ni kweli walikagua ukurasa, wakaona wafuasi, wakaridhika. Tovuti hawakuigusa.

Nilianza na ukurasa. Kwenye Facebook, ingia sehemu ya About, kisha Page transparency. Pale utaona tarehe ukurasa ulipofunguliwa, majina uliyowahi kuitwa, na mara nyingi nchi walizomo wanaousimamia. Ukurasa huu ulifunguliwa mwaka 2017 kama ukurasa wa mashabiki wa mpira. Umebadilishwa jina mara mbili, na hili jina la duka umepewa wiki saba tu zilizopita. Wasimamizi wako katika nchi mbili, na Kenya haimo. Hapo tayari wale wafuasi 30,000 walikuwa wamepoteza maana yao, kwa sababu hawakufuata duka. Walifuata mpira. Kwa Instagram, bonyeza vile vidoti vitatu juu ya akaunti, uchague About this account. Kuna tarehe ya kujiunga, na kwa akaunti nyingi kuna nchi na majina ya zamani pia.

Usitegemee sana maoni yaliyo chini ya picha. Mwenye ukurasa aweza kuyafuta, kuyaficha au kuyafunga, na sifa za bandia ni rahisi kuandikwa. Mimi hutazama picha ambazo wateja wenyewe wamepiga na kulitaja duka, na huteremka hadi machapisho ya kwanza kabisa. Duka la miaka minane haliwezi kuwa na picha za wiki saba pekee.

Kisha nikaenda kwenye tovuti, na hapa ndipo watu wengi hukosea njia. Ukibonyeza linki ndani ya Facebook, tovuti hufunguka humo humo ndani, na anwani yake huonekana nusu au haionekani kabisa. Inakili linki, uibandike kwenye Chrome, usome anwani nzima kwa utulivu. Soma kutoka mkwaju wa kwanza ulio mstari mmoja kurudi nyuma. Anwani kama hii:

```
https://jinaladuka.co.ke.jambojingine.shop/friza
```

si ya jinaladuka.co.ke hata kidogo. Mwenye nyumba ni jambojingine.shop, na yote yaliyotangulia ni maandishi ambayo yeye mwenyewe amejiwekea. Ile kufuli ndogo ambayo baadhi ya vivinjari huionyesha pembeni nayo isikupumbaze. Yasema tu kwamba mazungumzo baina ya simu yako na tovuti yamefumbwa, mtu wa njiani hawezi kuyasoma. Haisemi unazungumza na nani. Hata tapeli huipata bure.

Anwani aliyopewa dada yangu ilikuwa jina la duka, kistari, kisha neno la punguzo, ikaishia kwa .shop. Niliiandika kwenye lookup.icann.org, ambapo mtu yeyote huweza kutafuta jina la tovuti bila malipo. Jina la mwenyewe siku hizi hufichwa mara nyingi, lakini mstari wa tarehe ya kuundwa hubaki wazi. Tovuti ilikuwa na umri wa siku 19. Kama jina linaishia kwa .ke, msimamizi wake ni KeNIC, na utafutaji hufanywa kwao.

Jambo la tatu nililolitazama ni dogo lakini hunisaidia sana. Chini kabisa ya tovuti kulikuwa na alama za Facebook na Instagram. Nilizibonyeza. Ile ya Facebook ilinipeleka ukurasa wa mbele wa Facebook yenyewe, si ukurasa wa duka. Yaani aliyetengeneza tovuti alichukua kiolezo kilichokuwa tayari na hakujali hata kuzijaza. Ukurasa ulikuwa waelekeza kwa tovuti, lakini tovuti haikuujua ukurasa. Njia ya kwenda ipo, ya kurudi haipo. Na kwenye maelezo ya kurudisha bidhaa, anwani ilikuwa ya bara jingine kabisa, pamoja na jina la duka ambalo si hili.

Sasa malipo. Tovuti ilitoa nambari ya Till. Kwenye programu ya M-Pesa, ukiandika nambari na kiasi, jina la mwenye Till hujitokeza kabla hujathibitisha. Nilimwambia dada aandike, asome jina, kisha arudi nyuma bila kutia nambari ya siri. Jina lililotokea lilikuwa la agroveti! Duka la mbegu na dawa za ng'ombe liuze friza Mombasa kwa jina la duka jingine?

Hilo jina ndilo lango la mwisho, na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu si mwuzaji anayeliandika kwenye skrini yako. Lina mipaka yake lakini. Tovuti nyingi halali hupokea pesa kupitia kampuni za malipo, kwa hivyo waweza kuona jina kama Pesapal badala ya jina la duka, na hapo hakuna ubaya. Unachofanya ni kulipigia duka simu uulize kama ndivyo wanavyopokea. Tovuti nyingine hukuomba nambari ya simu tu, kisha ombi la malipo hujitokeza kwenye simu yako likiwa na kiasi na jina la anayelipwa. Hiyo ni njia ya kawaida. Lakini nambari ya siri ya M-Pesa haitiwi kwenye ukurasa wa tovuti hata siku moja, huitia kwenye lile ombi la simu peke yake. Tovuti ikiwa na kisanduku cha nambari ya siri, ifunge.

Nambari ya simu ya duka usiichukue kwenye ule ukurasa wala kwenye ile tovuti, kwani atakayepokea ni yule yule. Dada yangu alikuwa na risiti ya blenda aliyonunua dukani humo mwaka juzi. Asubuhi alipiga nambari ya kwenye risiti. Aliyepokea hata hakushangaa: "Mama, wewe ni wa nne wiki hii." Friza ile kwao ni shilingi 34,000, tovuti yao yaishia kwa .co.ke, na wateja wa Mombasa hulipa mzigo ukifika mlangoni.

Niongeze upande wa pili, maana nisingependa tuwavunje wafanyabiashara wetu wadogo. Kuna binti wa Majengo anauza madera na abaya kwa Instagram, na majuzi amefungua tovuti ya kulipia. Ukipima kwa umri pekee, tovuti yake ya miezi miwili yaanguka. Lakini akaunti yake ina jina lile lile tangu mwanzo, picha za miaka minne, na wateja waliovaa nguo zake na kumtaja. Tovuti ina alama inayorudi kwenye akaunti hiyo hiyo, na akaunti ina linki ya tovuti hiyo. Till yatokeza jina la biashara yake. Ukurasa, tovuti na jina la Till, vyote vitatu vyamtaja mtu mmoja. Mimi ningemlipa. Tarehe changa hunifanya nitazame zaidi, haiwi hukumu.

Na ukiwa umeshalipa? Ujumbe wa M-Pesa hupelekwa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini mlango huo uliwekwa kwa waliokosea nambari, na pesa zikishatolewa upande wa pili huwa zimekwenda. Aliyelipa kwa kadi ana nafasi nzuri zaidi: apige benki siku hiyo hiyo, azuie kadi na apinge malipo. Sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 ipo, na DCI hupokea malalamiko. Ila mshtakiwa akiwa nchi nyingine, na Till imesajiliwa kwa jina la mtu ambaye huenda aliikodisha tu, usitarajie friza kabla ya Idd. Hifadhi picha za ukurasa, anwani kamili ya tovuti na ujumbe wa malipo kabla havijafutwa.

Tuliuripoti ukurasa kwa Facebook, mimi, dada na wanachama wa chama wote. Siku tisa baadaye niliingia kwenye facebook.com/ads/library, ambako matangazo yote yanayoendelea huonekana ukitafuta jina la ukurasa. Lilikuwepo moja. Friza ile ile, bei ile ile, saa sita usiku ile ile. Tovuti ya kwanza ilikuwa haifunguki tena, na kitufe sasa kilielekea kwa anwani mpya. Niliitafuta tarehe yake: siku nne.

Dada amenunua friza ya mtumba kwa jirani wa Bamburi kwa shilingi 15,000, baada ya kuichomeka na kuketi nayo hadi maji yakaganda.