Daftari la Wiki: Meza ya Namba

Wiki hii nipo kwenye meza ya usajili wa mbio za hisani za kilomita 5 hapa Dar es Salaam, za kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Fomu yetu haiulizi umri. Inauliza tarehe ya kuzaliwa, na chini yake imeandikwa: umri unaohesabiwa ni wa siku ya mbio.

Mzee mmoja alitaka kundi la miaka 60 na kuendelea.

"Shikamoo, mzee. Umezaliwa lini?"

"Marahaba, mwanangu. Tarehe 20 Juni, 1966."

Mbio ni tarehe 14 Juni, 2026. Siku hiyo atakuwa bado na miaka 59, nikamwandika kundi la 50 hadi 59. Hakufurahi, ila kanuni aliisoma mwenyewe akakubali. Wapo waandaaji wanaohesabu umri wa tarehe 31 Desemba, na kwao angeingia alikotaka. Kanuni yoyote kati ya hizo inafaa, mradi ichapishwe kabla mtu wa kwanza hajalipa.

*

Njia ya kuanzia ni nyembamba na kona iko karibu. Watu 900 wakiachiwa kwa mpigo, wenye kasi watawaangusha watoto. Kwa hiyo wataondoka 300 kwanza, wale wakimbiaji hasa. Baada ya dakika tano wafuate wanaokimbia na kutembea. Dakika tano tena, familia na vigari vya watoto. Namba za kifuani zinaanza na 1, 2 au 3 kulingana na kundi, ili msimamizi wa mstari aone kwa mbali nani kasimama pasipo pake.

Tarakimu hiyo ya kwanza ina kazi nyingine mwishoni, maana hatuna chipu, tuna saa moja tu inayoanza na kundi la kwanza. Tuseme mama mwenye namba 1088 anamaliza saa ikisoma 33:05, na mwenzake wa rika lake, 2147, anafika ikisoma 36:20. Wa pili tunamtolea dakika tano, anabaki na 31:20, na ushindi ni wake. Lakini 2147 akiwa alijipenyeza akaondoka na kundi la kwanza, dakika tano hizo anazipata bure. Ndiyo maana mtu mmoja lazima asimame pale mwanzo na daftari, aandike kila namba iliyotoka kabla ya zamu yake.

*

Kinachonisumbua zaidi ni watu kupeana namba. Kijana akivaa namba ya baba yake, anamnyang'anya mzee mwingine zawadi ya rika lake. Akizimia njiani, wahudumu wa afya watasoma jina lisilo lake, na simu itapigwa kwa ndugu wa mtu aliye nyumbani mzima.

Kama huwezi kuja, rudisha namba mezani kabla ya Ijumaa jioni. Kubadilisha jina ni bure. Na uliyebaki nayo, geuza nyuma uandike simu ya ndugu yako na ugonjwa ulio nao, kabla hujaibana kwa pini.