Kabla Hujaambiwa "Pambana", Niambie Kwanza Unalala Saa Ngapi

Wauzaji wenzangu, leo sileti mbinu ya kupata wateja. Leo naongelea saa nane za usiku, ile saa umelala ila simu ipo kifuani na kichwa kinapiga hesabu.

Mimi nauza mashuka na mapazia hapa Buhongwa. Fremu ni ndogo, wateja wengi nawapata wasap. Mwaka jana nilipita karibu miezi miwili nalala masaa matatu tu. Meseji ikiingia moyo unaenda mbio kabla sijajua ni ya nani. Jumapili jioni tumbo linavurugika. Nikapima malaria mara mbili, hakuna kitu. Nikameza dawa za tumbo, wapi. Mara ya tatu daktari akanipima presha na damu, akaona viko sawa, akaniuliza, "Usingizi vipi?" Jamani nililia pale pale, na foleni ipo nje.

Hakuniambia nina ugonjwa. Akanipeleka chumba cha pili kwa mnasihi, mama mmoja wa makamo. Nikampa shikamoo nikiwa nimejiandaa kuhubiriwa. Hakunihubiria. Aliniambia, "Mdogo wangu, mwili wako unafanya kazi yake vizuri, ila haupumziki." Akaeleza kwamba ukiona hatari mwili unajiandaa kukimbia au kupigana: moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, tumbo linaacha kazi ya chakula. Ukifukuzwa na mbwa hiyo ni msaada, na mbwa akiondoka mwili unatulia. Sasa sisi mbwa wetu yupo kwenye simu na haondoki. Mteja aliyekaa kimya, meseji ya mkopo, boda aliyepotea na mzigo, vyote mwili unavipokea kama mbwa yule yule.

Akanipa karatasi, niandike yote yanayonizungusha. Yalifika saba. Kodi ya fremu, mkopo wa kikundi, deni la aplikesheni ya simu, wateja wa Sengerema na Geita wanaochelewesha hela, ada ya mdogo wangu, ugomvi na dada, na mwisho niliandika "najiona mjinga". Alilisoma hilo la mwisho polepole, akaniambia hilo tuliache pembeni kwanza, tutarudi kwake.

Halafu akauliza, "Kati ya haya, lipi ukilishika linalegeza mengine?" Nikasema mkopo. Akasema mkopo bado ni mkubwa, ukate tena. Unakubana siku gani? Hapo ndo nikaona kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona, na hesabu zangu naandika kila siku! Marejesho yangu yalikuwa 85,000 kila Jumatatu asubuhi. Mzigo wa Sengerema na Geita nautuma Ijumaa, mteja analipa akipokea, hela inaingia Jumanne au Jumatano. (Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo unavuka fasta, hela ndo bado inasubiri kivuko.) Kwa hiyo kila Jumapili usiku nilikuwa nakopa kwenye simu ili nilipe Jumatatu, halafu Jumatano nalipa simu na riba yake. Tumbo la Jumapili nikalielewa.

Tukapanga hatua moja tu ya wiki ile: niende kwa afisa mikopo niombe siku ihame kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi. Nikaenda. Akakataa.

Zamani ningerudi nyumbani nikajifunika shuka. Safari hii nilikuwa na miadi ya kurudi kwa yule mama baada ya wiki, na nilirudi. Hakushangaa. Akasema hatua ikigoma tunabadilisha hatua, hatumbadilishi mtu. Tukaja na nyingine: mzigo wa nje ya mji hautoki bila nusu ya hela. Niliandika kwenye stetasi mikono inatetemeka. Wateja wanne wakaniacha, mmoja na matusi juu. Waliobaki walilipa nusu, na wiki ya tatu nililipa Jumatatu bila kukopa kwenye simu. Usingizi haukurudi siku hiyo hiyo. Ulirudi kidogo kidogo, kama mwezi hivi.

Nilikuja kujua njia hii haikubuniwa kwenye chumba kile. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Bibi anakaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, anasikiliza, wanachagua tatizo moja, wanapanga hatua. Kishona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema "ana mawazo". Utafiti wao wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopita kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar.

Ndo maana nina ugomvi na neno "pambana". Mtu akikuambia halali, wewe unamjibu pambana, umemuongezea jambo la nane kwenye karatasi. Anajua kupambana, ndo kazi anayoifanya saa nane usiku. Muulize lipi linambana zaidi, na kabla ya siku gani. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu tunavyokunywa jioni ili tujibu wateja, mama yule aliniambia niviache kuanzia mchana. Nilibisha, nikajaribu, alikuwa sahihi.

Kuna pahala karatasi haitoshi. Kama ni wiki mbili sasa hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, au umeanza kunywa ili ulale, usijipe jina la ugonjwa kutoka kwenye simu. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe na mwili pia, maana moyo kwenda mbio una sababu nyingi. Ukifika usiseme "tumbo" tu kama nilivyofanya mimi. Sema na usingizi. Uliza kama kuna mnasihi au afisa ustawi wa jamii. Ikihitajika wanakuandikia rufaa, na kwa sisi wa Mwanza Bugando kuna idara ya afya ya akili. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, unaweza kuuliza pa kuanzia.

Na kama mawazo yamefika kwenye kufa, hiyo haingoji miadi. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, asikuache peke yako, mwende hospitali hata kama ni usiku. Ukiona mwenzetu ameandika stetasi "nimechoka na dunia", usimtumie stika. Mpigie. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kusema.

Mkopo wangu bado una miezi mitano. Karatasi ile ipo kwenye droo ya fremu, yamebaki matatu. Lile la "najiona mjinga" tulilirudia mkutano wa nne, yule mama akaniuliza mjinga gani anaweza kutunza daftari la mauzo mwaka mzima bila kuruka siku. Sikuwa na jibu.