Waraka Umesomwa, Somo Litafundishwaje?

Mwanzoni mwa mwaka 2024, Mtaala Ulioboreshwa ulipoanza kutumika nchini, tulipata nafasi ya kuketi nyuma ya ukumbi ambamo afisa elimu wa wilaya moja aliwakusanya walimu wa shule za msingi ili kuwatambulisha mtaala huo. Saa mbili za mwanzo zilikwenda katika kusoma. Walimu waliandika, wakachoka, na wengine wakaacha kuandika.

Hatimaye mwalimu mmoja wa makamo, mama mwenye sauti ya upole, akasimama: "Bwana Afisa, tumekusikia. Mimi kesho naingia darasa la tatu, watoto tisini, Hisabati. Naanzia wapi?"

Kwa haki yake, afisa yule hakukasirika. Aliuweka waraka kando, akafungua muhtasari wa somo, na hapo ndipo kikao kilipoanza kwa kweli.

Alianza na jambo lililowatatiza wengi. Mwaka ule mtaala mpya ulianza kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, ilhali darasa la nne na yaliyo juu yake yaliendelea na mtaala wa zamani. Basi mwalimu afundishaye la tatu na la tano alipaswa kushika mihtasari miwili kwa wakati mmoja, na asiichanganye.

Kisha akafafanua safu za muhtasari. Zamani mwalimu alianza na mada. Sasa anaanza na umahiri, yaani kile ambacho mtoto ataweza kukitenda. Umahiri mkuu hugawanywa katika umahiri mahususi, nao huzaa shughuli za kujifunza. Mbele yake kuna vigezo vya upimaji, vinavyomwonesha mwalimu atajuaje kwamba mtoto amefikia.

Wakachukua mfano wa kupima urefu. Kwa mazoea, mwalimu angeandika ubaoni kuwa mita 1 ni sentimita 100, kisha akatoa maswali kumi. Mtoto angeweza kuyapata yote bila kuwahi kushika kipimo. Badala yake, walimu walikubaliana kukata kamba 9 za urefu wa mita moja kwa kutumia rula ya ubaoni, kila kamba ikitiwa alama kila baada ya sentimita 10. Watoto 90 wakigawanywa katika makundi 9 ya watu kumi, kila kundi hupata kamba yake. Kila mtoto hukadiria kwanza urefu wa dawati, hupima, kisha huandika tofauti baina ya kadirio na kipimo.

"Na upimaji?" akauliza yule mama. "Tisini kwa dakika arobaini?"

Jibu lilikuwa hesabu nyepesi. Mwalimu asijaribu kuwapima wote siku moja. Katika kila kipindi ayatazame kwa makini makundi mawili tu, aandike nani ameanzia mwanzo wa kamba na nani ameanzia katikati, na ndani ya vipindi vitano makundi yote 9 yatakuwa yamepitiwa. Anayeanzia katikati hahitaji maswali kumi zaidi. Anahitaji kuoneshwa upya mahali pa kuanzia.

Afisa alikiri kwamba kikao cha siku moja hakitoshi. Aliwataka walimu wayaendeleze hayo katika jumuiya za kujifunza shuleni kwao, chini ya utaratibu wa mafunzo endelevu kwa walimu kazini, MEWAKA. Akawatahadharisha pia: dalili ya kwamba mtaala umeishia kwenye karatasi ni andalio la somo lenye maneno mapya, na daftari la mtoto lenye maelezo yaleyale yaliyonakiliwa ubaoni.

Nasi wazazi tuna fungu letu. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Mtoto aliyeingia darasa la tatu mwaka 2024 anamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo anamaliza la saba yule aliyekuwa darasa la nne. Marika mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Nyumba yenye ndugu wawili waliofuatana madarasa hayo itanunua sare mbili kwa wakati mmoja. Ni vyema kuanza kuweka akiba mapema.

Na mtoto arudipo jioni, tusimuulize tu amepata ngapi. Tumpe kamba, tumwambie: "Hebu pima mlango huu." Tutazame anaanzia wapi.